Chozi la Picha ya Kwanza

Mimi humshuku mtu yeyote anayeniita mwanangu mzuri kabla sijafanya jambo lolote zuri. Kwa hivyo shangazi aliponipigia simu Jumamosi ile asubuhi, akaniita hivyo mara mbili kabla ya salamu, nilijua kuna kazi, na kwamba kazi yenyewe haina hata chai.

Shangazi yangu ndiye mwenyekiti wa kamati ndogo ya mtaa wetu hapa Mji wa Kale. Mara moja kwa mwaka kamati huwaleta madaktari wa macho katika ua wa madrasa, wazee wakapimwa bure. Mimi ni mwakilishi wa vijana. Cheo hicho nilikipata kwa sababu wafadhili waliuliza vijana wako wapi, na kijana pekee aliyekuwa karibu siku hiyo ni mimi, nimelala kwenye kochi la shangazi. Niko kidato cha tatu. Shuleni cheo changu ni kutolewa nje.

Kambi ya macho ilikuwa imekwisha wiki mbili nyuma. Wazee kadhaa walikutwa na mtoto wa jicho, wakaandikwa kwenye orodha ya upasuaji, na upasuaji hauji kwa dua peke yake. Ikatakiwa picha moja. Itakaa juu kabisa ya ukurasa wa mchango mtandaoni, na hiyo hiyo itachapwa kwenye bango la turubai, litundikwe ukuta wa madrasa ambapo kila mtu hupita.

Tulikutana ghorofani, chumba kilichokuwa zamani stoo ya majora ya vitambaa na bado chanuka vitambaa. Tulikuwa wanne. Shangazi, mimi, katibu na mpiga picha. Katibu ni karani wa wakala wa mizigo huko Kilindini, mtu wa bara, Mkristo, amekaa hapa miaka mingi hata Kiswahili chake chanitia haya. Hawezi kukaa mahali bila kutengeneza fomu. Mpiga picha ni kijana wa Mbaraki ambaye riziki yake ni harusi, na kambi yetu huipiga kwa thawabu. Nilimshuku tangu awali. Niliwahi kumwona harusini akimwambia baba wa bibi harusi amkumbatie binti yake tena, mara ya tatu, na safari hii kwa uchungu.

Katibu alitugawia karatasi yenye safu mbili. Ya kwanza imeandikwa Moyo, ya pili Heshima. Kila picha ipewe alama katika kila safu, moja hadi tano.

"Moyo ni rahisi," akasema. "Ukiitazama, wasikia jambo hapa kifuani au husikii? Heshima ndiyo yataka maswali. Kamera ilikuwa juu ya mtu au sawa na macho yake? Ukifuta maandishi yote, huyu ni mtu anayefanya jambo, au ni mtu anayefanyiwa? Na la mwisho: akipita hapa mwenyewe akaiona, atasimama au atajifunika uso?"

"Na kama ni mbaya kwa asili?" nikauliza.

"Wewe hatukutundiki," shangazi akasema. "Tulia."

Mpiga picha akazionyesha kwenye kompyuta yake moja moja. Picha ya kwanza ilikuwa uso wa bibi kizee, umejaa kioo kizima, kichwa kimeinuliwa kidogo, na chozi moja limeteremka shavuni hadi karibu na mdomo. Picha ya pili ilikuwa wazee kwenye benchi, wameonekana migongo tu, kama watu wanaosubiri kivuko kilichokwisha kwenda. Ya tatu ilikuwa mzee mmoja mbele ya chati ile yenye herufi E zinazogeukageuka. Jicho moja kalifunika kwa kiganja, mkono wa pili kaunyoosha kuonyesha E inatazama wapi, kama polisi wa barabarani, na mdomo wazi kwa kicheko kisichokuwa na meno hata mawili.

Shangazi alikuwa hajafika ya tatu. Alikuwa bado na ya kwanza, anajipangusa kwa ncha ya mtandio.

"Hii," akasema. "Wallahi hii. Moyo tano. Mtu akiona hii asitoe, huyo ana jiwe."

"Tano," akasema mpiga picha, kwa unyenyekevu wa mtu anayejisifu.

Mimi niliandika mbili. Si kwamba nina roho ngumu. Ni lile chozi. Lilikuwa upande mmoja tu. Mimi nimelia sana maishani, kwa viboko, kwa hesabu, kwa kunyimwa simu, na sijawahi hata siku moja kulia jicho moja.

"Kaka," nikamwambia mpiga picha, "maji haya ulitia wewe?"

"Astaghfirullahi."

"Nauliza tu. Maana harusini nilikuona."

"Yule baba alikuwa hajui kukumbatia!" Uso ulimwiva. "Mimi sitii maji mtu. Njoo uone."

Akaifungua picha nzima, kabla ya kukatwa. Ilikuwa picha ndefu, ya kusimama. Juu ya paji la uso wa bibi palikuwa na mkono wa muuguzi wenye glavu, umeshika kichupa cha dawa. Chini ya kidevu palikuwa na mkono mwingine, umeshika pamba, na kifundoni umefungwa uzi mwekundu. Nikautazama uzi ule mwekundu. Kisha nikautazama mkono wangu juu ya meza.

"Bango ni pana na fupi," mpiga picha akaeleza. "Picha ni ndefu. N'kakata juu, n'kakata chini, ukabaki uso. Sasa kosa langu liko wapi?"

Hakuwa na kosa, na hilo liliniudhi, kwa sababu nilikwisha mhukumu. Lilikuwa tone la dawa ya kupanua mboni. Hutiwa jicho moja, kisha la pili. Huchoma, na linalozidi huteremka. Kazi yangu siku ile, baada ya kushikilia chati asubuhi, ilikuwa kupangusa linaloteremka. Akasogeza picha iliyofuata: bibi yuleyule, sekunde chache baadaye, macho yamefumbwa, acheka hadi ufizi waonekana. Nikakumbuka. Nilikuwa nimemwambia, "Bibi, ikikuchoma sana mtukane daktari, mimi ntakuombea msamaha." Akamtukana, tena tusi la zamani ambalo mimi sikuwa nalo kwenye akiba yangu.

"Basi si chozi," katibu akasema polepole.

"Chozi liko," shangazi akasema. "Liko pale laonekana. Atoaye hajui limetoka wapi."

"Na akijua?"

Shangazi akaweka kalamu chini. "N'sikize. Huyu bibi ni wa kwanza kwenye orodha ya upasuaji. Macho yote mawili. Wewe wampa heshima tano, mbili, nusu, sijui. Mimi nataka aone. Picha hii ndiyo itakayomfungua macho, na nyinyi mwaiuliza maswali kama imekuja kuposa."

Alikuwa amesema kweli. Katibu akajikuna kidevu. Mwishowe akafanya wanachofanya makarani wakikwama: akafungua faili.

"Angalau ridhaa ipo," akasema. "Hii hapa. Alama ya kidole, jina, na shahidi." Akanitazama kwa mapenzi. "Na hapa nikusifu. Mwaka jana tulikosa nusu ya fomu. Mwaka huu hukukosa hata moja. Nani alikupa wazo la kuweka meza pale benchini?"

Sijazoea kusifiwa na mtu aliyekaa nyuma ya faili. Wazo lilikuwa langu mwenyewe. Wazee wakisha kutiwa dawa hukaa nusu saa wakisubiri mboni zifunguke. Hawana la kufanya, wanaanza kuulizana habari za magoti. Nikaona bora niweke kijimeza palepale, niwapitie na kidau cha wino. Kidole hapa, bibi. Na hapa, babu. Nilikwenda benchi zima kwa dakika kumi na nikajiona mkurugenzi.

Ila dawa ile kazi yake nyingine ni kuufanya ukungu kila kilicho karibu. Karatasi ukishikilia mbele ya mtu aliyetiwa, haoni maandishi, haoni viboksi, haoni hata kama karatasi iko wima. Na mimi sikuwa nimewasomea. Nilisema, "Ni mambo ya kamati." Alama ya tiki kwenye kiboksi cha "Picha yangu itumike" niliitia mwenyewe, kwa fomu zote, nyumbani, nikitazama mpira.

Hayo niliyameza. Nilisema nitampelekea bibi picha aione, kwa adabu tu. Shangazi akanitazama sana kwa neno adabu kutoka kinywani mwangu.

"Nenda," akasema. "Mchapaji ataka picha Jumatatu alasiri. Usimtie bibi wa watu maneno."

Bibi mwenyewe akaa Kibokoni, chumba cha chini, na hushona kofia. Zile nyeupe za mkono, zenye vitundu vidogo vidogo vinavyofanya maua. Nilimkuta kizingitini, kiti amekigeuza kufuata mwanga, kofia imelala gotini. Nilidhani atazama kazi yake. Niliposogea nikaona macho yako ukutani, na kinachotazama ni kidole gumba, kinapita juu ya vitundu kimoja baada ya kimoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni wewe wa pamba." Alinijua kwa sauti. "Wataka nini? Mtu wa kamati haji bure."

"Nimekuja kukujulia hali."

"Hali yangu yajulikana. Wataka nini?"

Nikampa simu yenye picha. Aliisogeza hadi ikakaribia kugusa pua, akaipeleka upande, akairudisha. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Maskini ya Mungu. N'nani huyu bibi?"

Nina jibu la kila kitu mimi. Mwalimu wangu wa darasa ni shahidi. Pale lilitoka la maneno matatu tu.

"Ni wewe, bibi."

Akaisogeza tena puani.

"Nimefiwa na nani?" akauliza.

Nikamweleza: ile dawa, bango, mchango, upasuaji wake mwenyewe. Nilieleza haraka na vizuri, maneno ya shangazi yote, na la jiwe nikalitia. Alisikiliza huku kidole gumba chaendelea na kazi.

"Na hilo bango litatundikwa wapi?"

"Ukuta wa madrasa."

"Ukuta wa madrasa watazamana na duka gani?"

Hilo nililijua. Watazamana na duka la kofia. Mwenye duka ndiye humpa kazi, na ndiye huipokea kila wiki, huizungusha mkononi kutafuta kosa na asilione.

"Yule hajui," akasema. "Sindano anitungia mtoto wa jirani akirudi chuoni, vitundu nahesabu kwa dole. Akiniona pale ukutani nimetoka machozi, imeandikwa sioni, atanipa kofia tena? Hatanipa kofia. Atanipa sadaka." Akaitema hiyo sadaka kama kokwa ya ukwaju. "Sadaka yaja Ramadhani. Kofia zaja kila wiki."

"Lakini bibi, ulitia kidole." Sijui kwa nini nilisema. Nadhani nilitaka kosa liwe la mtu mwingine, hata kama mwenye kosa ni yeye.

"N'litia kidole cha miwani. Si wewe ulosema ni mambo ya kamati? N'kasema, kamati ndiyo yenye miwani." Akanigeukia, ingawa macho yalinikosa kidogo, yakaangukia bega langu. "N'kuulize. N'lipotia kidole, n'likuwa naona?"

"La, bibi."

"Na wewe ulikuwa waona?"

Njiani nilibuni uongo wa aina tano. Picha imefutika. Kompyuta imeingia maji. Mpiga picha ameoa ghafla. Wote ulikuwa uongo mzuri, na mmoja ungefanya kazi. Lakini fomu zingebaki kwenye faili, zimesifiwa, na mwaka ujao katibu angeniambia niweke meza palepale.

Jumatatu nilipanda ile ngazi nikiomba ivunjike. Haikuvunjika; nyumba za Mji wa Kale huanguka zenyewe lakini si ukizihitaji. Shangazi alikuwa amekwisha jumlisha alama. Picha ya kwanza ilikuwa imeongoza kwa moyo, na heshima ameipandisha kutoka mbili hadi tatu kwa sababu, alisema, mtandio wa bibi ulikuwa safi.

"Ile fomu si kitu," nikasema.

"Fomu gani?"

"Ya bibi. Nilimtilisha kidole baada ya dawa. Alikuwa haoni. Na sikumsomea. Na tiki nilitia mimi." Nikapumua. "Na picha haitaki. Ikitundikwa pale, mwenye duka atamnyima kofia."

Katibu akavua miwani. "Baada ya dawa wangapi?"

"Benchi lote."

"Benchi lote ni wote."

"Ndio hao."

Nilingoja kelele. Shangazi hakupiga kelele, akanitazama tu kama mtu anayehesabu vijiko baada ya mgeni kuondoka. Kisha akamgeukia katibu, na mashaka yakahamia kule: "Na wewe, hukuona vidole vyote vimetiwa kwa wino mmoja, saa moja, benchi moja?"

"Niliona," katibu akasema. "Nikafurahi." Akazitoa fomu zote kwenye faili, akazipiga mstari mmoja mmoja, bila haraka. "Huko bandarini mzigo ukiwa na karatasi zote sawa kabisa, ndipo tunapoufungua. Nilipaswa kujua."

"Na mchapaji?" mpiga picha akauliza.

"Mchapaji angoje," shangazi akasema. "Na wale walio kwenye orodha nao wangoje. Sawa? Wangoje." Hilo lilinichoma kuliko kofi.

Wiki ile nzima, kila nikitoka shule, tulizunguka nyumba kwa nyumba, mimi na katibu. Picha tulizichapa kubwa, ukubwa wa sinia. Katibu alinikataza kusema mambo ya kamati; ilinibidi kusoma kila mstari kwa sauti, niseme itatundikwa wapi, nani ataiona, na kwamba ukikataa, nafasi yako kwenye orodha haisogei. Hili la mwisho nililirudia mara mbili kila nyumba. Hawakuliamini mara ya kwanza. Wengine hata ya pili. Bibi mmoja alimwita mwanawe aje asome yeye, kisha akamwita jirani aje amsome mwanawe.

Yule mzee wa chati alikuwa fundi wa injini za mashua huko Liwatoni hadi mikono ilipomchoka. Alijitazama muda mrefu.

"E ilikuwa yatazama wapi?" akaniuliza.

"Chini, babu."

"Na mimi n'meonyesha wapi?"

"Kulia."

Akacheka vilevile, ufizi mzima. "Tundikeni. Lakini msiniandike mzee asiyejiweza. Mniandike fundi. Na mwandike n'likosea E, wajue kwa nini nataka jicho."

Tulipokaa tena kutia alama, picha ya fundi ilipata moyo nne. Shangazi alisita, kisha akaipa heshima tano, akaniambia nisijenge kiburi kwa sababu tano ile si yangu.

Mchango waenda kwa mwendo wa kobe. Labda lile chozi lingekwenda mbio. Shangazi hasemi, ila mara nyingine hunitazama kwa pembe ya jicho katikati ya chakula, nami najua anawaza nini. Zamu ya bibi bado haijafika.

Alikuja kulikagua bango siku ya pili baada ya kutundikwa. Nilimwona anakuja kwa kupapasa ukuta, kifurushi cha kofia kwapani, akaelekea kwanza dukani, akatoa kofia zake, akapokea kitambaa kingine, ndipo akavuka. Akasimama mbele ya turubai, pua imekaribia kulisugua, akaanza kona ya kushoto.

"Mimi simo?"

"Humo, bibi."

"Apa."

"Wallahi humo."

"Wewe kiapo chako n'nakijua. N'somee."

Nikamsomea. Maneno yote, na ya chini madogo. Hakutosheka. Alipita lile bango kwa kiganja, shibiri kwa shibiri, aniuliza hapa nini, na hapa nini. Hapa sikio la mzee. Hapa mkono wake. Hapa chati. Watu walipita wakatutazama, na mwenye duka alisimama mlangoni, nikazidi kupaza sauti kama mtu anayesifu ufundi wa uchapaji, asije akajua bibi haoni. Akafika kona ya kulia, mwisho kabisa.

"Na hivi vyeusivyeusi?"

"Vidole, bibi."

"Vya nani?"

Nikatazama. Vidole vinne, vimeshikilia ukingo wa chati isipeperuke, na uzi mwekundu.

"Vyangu."

Akaweka kidole gumba juu yavyo, akakipitisha kimoja kimoja, kama anavyohesabu vitundu.

"Walikuomba ruhusa?"

"La," nikasema.

"Ala," akasema bibi, akakibana kifurushi chake kwapani, akashika ukuta na kwenda zake.